Ukimwua Dume, Hukuua Simba Mmoja



Watu husema dume la simba ni mvivu. Majike ndio wanaowinda sana, naye huja kula tu. Mimi nasema dume ana kazi yake. Kazi hiyo ni kuwalinda watoto wake wasiuawe na madume wengine.

Tazama kundi la simba wa Serengeti. Majike wa kundi moja ni ndugu, na wengi hukaa hapo maisha yao yote. Dume kijana hawezi kukaa. Akifika miaka 2 au 3 hufukuzwa. Huzurura porini pamoja na ndugu zake mpaka wapate nguvu. Kisha hutafuta kundi ambalo madume wake ni wachache au wamezeeka. Hupigana nao, na wakishinda hulitwaa kundi. Nao aghalabu hawadumu zaidi ya miaka 2 au 3. Wengine huja kuwaondoa.

Je, watoto wanaokutwa pale hupatwa na nini? Jike mwenye watoto wadogo hapandwi mpaka wafike mwaka mmoja na nusu au zaidi. Dume mgeni akisubiri, muda wake utakwisha kabla hajalea watoto wake. Kwa hiyo huwaua wale wachanga. Hafanyi hivyo kwa njaa. Mama aliyepoteza watoto huweza kupandwa tena baada ya siku au wiki chache. Akishika mimba, huzaa baada ya miezi 3 na nusu hivi.

Majike hawakubali kirahisi. Hulea watoto pamoja, na wakiwa wengi huweza kumfukuza dume mmoja. Watoto wakubwa kidogo huweza kukimbia, pengine pamoja na mama zao. Hata hivyo, Serengeti imeonekana kuwa karibu robo ya vifo vya watoto wa simba husababishwa na madume wageni.

Sasa fikiri. Kundi lina madume 2 na watoto 6 wachanga. Mtu anamwua dume mmoja kwa mkuki au kwa sumu. Yule aliyebaki hawezi kuwazuia vijana 3 wanaotoka porini. Anafukuzwa, na watoto wote 6 wanaweza kufa. Aliyerusha mkuki alidhani ameua simba mmoja.

Ndiyo maana mwaka 2010 kanuni za Tanzania ziliwataka wawindaji wa kitalii wasiue dume aliye chini ya miaka 6. Mwenye umri huo huenda amekwisha lea watoto wake wakakua.

Najua uchungu wa kupoteza ng'ombe. Lakini mzoga wenye sumu hauchagui simba aliyekosa. Tuimarishe boma la miiba kabla ya usiku, na simba akizidi kusumbua, tumwite Bwana Nyama.