Ujumbe wa sauti si hati ya biashara

Msimu wa mahindi unapopamba moto, biashara nyingi kati ya wauzaji wetu na wanunuzi wa nje ya mkoa au nje ya nchi hufanyika kwa ujumbe wa sauti wa simu. Muuzaji anabonyeza kitufe, anaongea dakika moja, anatuma. Mnunuzi anasikiliza, kisha anajibu: "Sawa, sasa niandikie kwenye barua pepe nipeleke kwa mhasibu." Hapo ndipo kazi inapoanza.

Wengi wetu huchukua maneno yale yale tuliyoyasema, tukayaandika kama yalivyo, au tukamwachia kijana wa dukani ayaandike. Wengine huyapamba kwa kuanza na "napenda kuchukua fursa hii adhimu" na kumaliza na "wako mtiifu katika ujenzi wa taifa". Kwa maoni yetu, mapambo hayo hayasaidii kitu. Barua hiyo itasomwa na mhasibu, mkaguzi wa ubora na mtu wa mizani, ambao hawakuisikia sauti na hawamjui muuzaji. Kwa hiyo shughuli ya kwanza si kusafisha lugha. Ni kujua ni nini hasa kilichosemwa.

Tuchukue mfano. Tuseme mfanyabiashara wa Kibaigwa, mkoani Dodoma, anamuuzia mahindi mwenye kinu cha unga Nairobi. Jumanne tarehe 14 Julai anamtumia mkuu wa ununuzi ujumbe wa sauti ambao, ukiandikwa neno kwa neno, unasomeka hivi:

"Haloo dada habari za huko, mimi mzima kabisa, sasa ule mzigo tuliozungumza upo tayari, gunia mia tatu hivi, mahindi meupe makavu kabisa hayana shida, bei ni ile ile elfu themanini na tano lakini mafuta yamepanda kidogo kwa hiyo usafiri tutaangalia, gari linaondoka kesho kutwa, likikawia sana Ijumaa litakuwa hapo mpakani saa nne hivi, wewe niwekee ile ya mwanzo kama tulivyosema nimalizane na wenye mahindi, halafu ile karatasi ya maabara inakuja usiwe na wasiwasi, haya dada msalimie bosi."

Chukua kalamu upige mstari chini ya kila neno linalotegemea kwamba wawili hawa wanajuana: ule, hivi, kabisa, ile ile, tutaangalia, kesho kutwa, hapo, ile ya mwanzo, inakuja. Katika mazungumzo maneno hayo hayana ubaya wowote. Katika barua kila moja ni swali lisilojibiwa, na si yote yanayojibika ukiwa umekaa mezani. Mengine yanataka upige simu kwanza.

Tuanze na gunia, maana hapa ndipo pesa zinapopotea. Gunia la mahindi analolizungumzia muuzaji wa Kibaigwa ni la kilo 100, ukiacha lumbesa ambayo Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipiga vita. Kenya bei ya mahindi hutajwa kwa gunia la kilo 90. Muuzaji akisema magunia 300, yeye anafikiria kilo 30,000, wakati mnunuzi anaweza kuandika kilo 27,000 katika daftari lake. Tani tatu hizo zinaweza kufika Namanga zikakosa mwenyewe. Kwenye bei mambo ni mabaya zaidi. Shilingi 85,000 kwa gunia la kilo 100 ni shilingi 850 kwa kilo, lakini anayegawa kwa 90 anapata shilingi 944. Mnunuzi wa namna hiyo mara nyingi hagombi wala haulizi. Ananyamaza na kununua kwingine, na muuzaji anabaki kushangaa kwa nini simu haipokelewi. Dawa yake ni kuliacha neno gunia nje ya hesabu: andika kilo, uzito wa mahindi yenyewe bila gunia, na bei kwa kilo.

Neno "makavu kabisa" nalo haliwezi kuingia kwenye barua. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Wakulima wengi hupima kwa kuuma punje, au kwa kutia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa na kutikisa. Kipimo cha chumvi ni kizuri kwa mkulima anayetaka kujua kama aendelee kuanika, kwani chumvi ikiganda kwenye chupa unyevu umepita kama asilimia 15. Hata hivyo chumvi isipoganda, bado hujui kama uko kwenye 13 au 14.5, na mnunuzi anayepokea kwa kipima unyevu atakurudishia lori. Andika tarakimu uliyoisoma kwenye kipimo na siku uliyopima.

Sasa karatasi ya maabara. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ilipofungua tena siku chache baadaye iliweka masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Katika sauti, "inakuja" lilipita kirahisi. Mwandishi wa barua hana budi kuipigia maabara simu na kuuliza inakuja lini. Tuseme anajibiwa: Alhamisi tarehe 16, jioni. Lakini sauti ilisema gari linaondoka kesho kutwa, yaani Alhamisi hiyo hiyo! Lori lingeondoka kabla ya cheti kupatikana, na pengine lingelala mpakani likimlipisha mwenye mzigo kila siku. Sauti iliyasema yote mawili kwa pumzi moja na hakuna aliyestuka. Yakiandikwa mstari mmoja chini ya mwingine yanaonekana mara moja kwamba hayakai pamoja. Kwa hiyo safari inasogezwa: kupakia Ijumaa tarehe 17, kufika Jumamosi tarehe 18.

Kuna "mafuta yamepanda kidogo, usafiri tutaangalia". Muuzaji aliona haya kutaja nyongeza, akaificha katikati ya sentensi. Mhasibu hawezi kulipa "tutaangalia". Kama nyongeza ya nauli ni shilingi 300,000 kwa safari nzima, igawanye kwa kilo 30,000 upate shilingi 10 kwa kilo, kisha iseme wazi. Bei inakuwa 860. Kama huna ujasiri wa kuidai leo kwa maandishi, usitegemee kuidai mpakani wakati mzigo umekwisha kufika na dereva anasubiri.

"Ile ya mwanzo" ni arubuni. Wawili hawa walikwisha kubaliana asilimia 30, basi iandikwe kwa shilingi. "Hapo mpakani" pia ni lazima pawe mahali: Namanga, upande wa Tanzania, na ijulikane nani anamlipa wakala wa forodha wa kila upande. Saa iandikwe pamoja na neno asubuhi au mchana, kwa kuwa barua ikitafsiriwa Kiingereza ofisini, saa nne yetu inaweza kugeuka saa kumi.

Baada ya hapo barua yenyewe haichukui hata robo saa. Sehemu ya kichwa cha barua isiandikwe "Salamu" wala "Mzigo", bali jambo lenyewe, maana mkuu wa ununuzi ana barua nyingi kama hiyo kwa siku moja:

Kichwa: Mahindi meupe kilo 30,000, Namanga, Jumamosi 18 Julai – naomba uthibitisho

"Ndugu Mkuu wa Ununuzi,

Habari za kazi. Naomba uthibitisho wako kabla ya Alhamisi tarehe 16 Julai saa 10:00 jioni ili nikuletee mahindi meupe kilo 30,000. Barua hii inachukua nafasi ya ujumbe wa sauti niliokutumia leo. Mambo mawili yamebadilika: siku ya kufika na bei.

Mzigo: mahindi meupe ya msimu huu kutoka Kibaigwa, magunia 300 ya kilo 100, uzito halisi bila gunia. Unyevu ni asilimia 13.0, nilipima jana tarehe 13.

Bei: shilingi za Tanzania 860 kwa kilo, mzigo ukiwa umefikishwa Namanga, upande wa Tanzania. Jumla ni shilingi 25,800,000. Bei tuliyozungumza ilikuwa 850. Shilingi 10 zilizoongezeka ni nauli iliyopanda. Gharama za forodha upande wa Tanzania ni zangu, na za upande wa Kenya ni zenu.

Sumukuvu: sampuli iko maabara na matokeo yatatoka Alhamisi jioni. Nitakutumia cheti siku hiyo hiyo. Lori halitapakiwa kabla ya cheti kutoka, na matokeo yakizidi kiwango biashara hii itasimama bila ninyi kudaiwa chochote.

Malipo: asilimia 30, yaani shilingi 7,740,000, mara mtakapopokea cheti. Salio la shilingi 18,060,000 baada ya kupima uzito Namanga, kabla ya kuvuka. Uzito ukipungua, salio litapunguzwa kwa bei ya kilo.

Safari: kupakia Ijumaa 17 Julai, kufika Namanga Jumamosi 18 Julai, saa 8:00 mchana. Tafadhali nitajie atakayepokea na namba yake ya simu.

Nimeambatanisha ankara kifani. Mfikishie mkurugenzi salamu zangu."

Ikumbukwe kwamba salamu haikufutwa, imepewa sentensi moja kila upande. Vilevile nyongeza ya bei haikuzikwa mwishoni. Imetajwa mwanzoni kwamba kuna mabadiliko, kisha ikaelezwa mahali pake. Mnunuzi anayegundua mwenyewe shilingi 10 zilizofichwa huanza kuzitilia shaka tarakimu nyingine zote.

Wapo watakaosema kwamba barua ya namna hii inamfunga muuzaji. Ni kweli inamfunga. Muuzaji aliyezoea kusema "hivi" na "kidogo" alikuwa anajiachia nafasi ya kujitetea bei ikibadilika sokoni. Lakini nafasi hiyo hiyo anayo mnunuzi, na mwenye lori lililopakiwa likiwa Namanga ndiye mwenye haraka kuliko mwenzake. Kwa mtazamo wetu, mwenye mzigo ndiye anayepata hasara kubwa zaidi kwa maneno yasiyo na kipimo.

Kabla ya kutuma, mpe mtu ambaye hakuisikia sauti aisome barua, kisha umuulize kilo ngapi, bei gani, lini, wapi, na nani analipa nini. Akikwama popote, rudi uandike upya hapo. Usiufute ujumbe wa sauti kwenye simu mpaka malipo ya mwisho yaingie. Na mnunuzi akijibu "sawa" peke yake, mpigie umwombe ajibu kwa kurudia kilo, bei na siku, kwa sababu "sawa" yake inaweza kuwa ya ile sauti ya gunia la 85,000.