Mapitio si rejista ya majina

Mapitio mengi ya maandishi ninayosoma hapa Kakamega huenda hivi: Horowitz (1985) alisema hili, Bratton na Kimenyi (2008) wakasema lile, MacArthur (2016) naye akaongeza. Jamani, hiyo ni rejista ya darasa! Jaribu kupangua aya zake. Kama hakuna kinachoharibika, ujue umeorodhesha tu.

Tuseme mada yako ni kura ya Waluhya. Anza na ubishi wenyewe: je, watu hupiga kura kwa kufuata kabila? Upande mmoja yuko Donald Horowitz, aliyeona uchaguzi katika jamii zilizogawanyika ukigeuka kuwa kama sensa ya makabila. Bratton na Kimenyi, waliochunguza uchaguzi wetu wa 2007, wanaguswa na pande zote mbili: waliona kura zikifuata kabila, ila pia wapigakura wakijali mambo kama hali ya maisha. Kwa hivyo watajwe mara mbili, hakuna shida. Kisha Julie MacArthur anarudi nyuma zaidi: huo Uluhya wenyewe ulijengwaje enzi za ukoloni?

Sasa leta mwaka wa 2013. Mudavadi, Mluhya, aliwania urais, lakini Kakamega ikampa Raila kura nyingi zaidi. Hoja ya sensa peke yake inakwama hapo, na hapo ndipo swali lako la utafiti linapoanzia. Ukipanga kwa majina, hutaliona.