Wacheni Kuuzia Watu Orodha za Biashara za Jioni

Kila wiki naona video mpya: "Biashara 15 unaweza anza na elfu tatu ukitoka job." Smoki, mayai boilo, popkoni, njugu, kuuza mitumba kwa WhatsApp. Muziki kwa nyuma, hesabu inapita kwa skrini haraka haraka, na mwisho unaambiwa faida ni elfu kumi na kitu kwa mwezi. Na mimi pia nishawahi kutengeneza moja, kwa hivyo sijitoi. Lakini hizo orodha zinadanganya watu, na leo nataka kuonyesha mahali uongo uko, nikitumia sufuria moja tu ya maharagwe.

Binamu yangu anafanya kazi dukani, anatoka saa kumi na moja. Alikuwa na elfu tatu ameweka kando, na jioni zake kutoka saa kumi na moja u nusu hadi saa tatu. Alikuwa ashaamua kuuza smoki, juu aliona kwa video. Nikamwambia, hebu kwanza kaa kwa geti ya ploti yenu jioni tatu na daftari, uandike watu wanaingia na nini mkononi. Aliona sukuma ya kukatwa, na hiyo tayari inauzwa na mama wa kibanda cha kona. Aliona chapati. Na kila jioni aliona watu tisa, kumi, kumi na mmoja wakiingia na kontena ya maharagwe ya kuchemshwa, waliyoyafuata mpaka steji ya pili. Ploti ina nyumba arobaini na hakuna hata mmoja anauza maharagwe hapo ndani. Smoki aliona mbili, na zilikuwa zimeshaliwa nusu.

Ukiishi keja ya chumba kimoja unaelewa mbona watu wananunua. Maharagwe makavu yanataka moto wa saa nyingi, na msee akifika nyumbani saa moja hawezi kuchoma gesi mpaka saa nne ndio ale. Anataka yaliyoiva, akaange na kitunguu na nyanya, alale. Kwa hivyo kitu binamu yangu angeuza hasa ni makaa na muda. Hilo huwezi kulisoma kwa orodha, juu orodha haijui ploti yenu.

Sasa hesabu. Bei ni za mtaa wao wakati huo, zako weka mwenyewe. Gorogoro mbili za maharagwe, kama kilo nne, ni shilingi 640. Yakiloweka na kuiva yanazidi mara mbili ya uzito, unapata karibu kilo tisa. Kikombe chake kinabeba kama gramu 250, kwa hivyo ni vikombe 36, na anauza kimoja 30. Zote zikiisha ni 1,080.

Msee wa video anatoa 640 kwa 1,080, anabaki na 440, anazidisha mara 30, anakuambia 13,200 kwa mwezi. Hapo ndipo anakuibia. Makaa ya jioni ni 100. Maji ya kuloweka, kuosha na kuchemshia ni mtungi, 20. Gharama imefika 760, na faida ya kuuza kila kitu ni 320. Na angalia vizuri: vikombe 25 vya kwanza vinalipa gharama tu, na hata havimalizi, bado unadaiwa shilingi kumi. Pesa yako iko kwa vile vikombe kumi na moja vya mwisho. Ukibaki na tisa hujauza, umefanya kazi saa tatu na nusu ukapata shilingi 50. Na ukikopesha watu watano wa "nitakutumia kesho," hiyo ni 150 imetoka kwa faida moja kwa moja, haijatoka kwa maharagwe.

Video haikuambii pia kwamba kilichobaki hakingoji. Maharagwe yaliyoiva bila friji, kwa joto la keja, asubuhi unaweza kuyakuta yamechacha: povu juu, utelezi ukikoroga, harufu ya uchungu. Wako wanaoyachanganya na sufuria mpya ndio wasipate hasara. Usijaribu. Utaumiza watu matumbo, na ploti nzima itajua kabla ya saa sita mchana.

Binamu yangu wiki ya kwanza alipika kilo nne siku ya kwanza, akabaki na vikombe kumi na vinne. Alilia kidogo, bana, tusidanganyane. Siku ya pili akabadilisha kitu kimoja. Akimpimia mtu kikombe, anamuuliza hapo hapo: "Kesho niloweke chako?" Akisema ndio, anaandikwa. Saa kumi na moja asubuhi, kabla ya kwenda job, analoweka ya walioandikwa na vikombe vitano vya ziada, basi. Wiki ya kwanza hiyo ilikuwa gorogoro moja tu. Akirudi jioni yamelowa saa kumi na mbili, anamwaga yale maji, anaweka mapya, na yanaiva kwa saa moja na kitu. Mwanzo lazima yachemke kwa nguvu, hasa yale mekundu makubwa, kwa sababu yakipikwa nusu yana sumu inayotapisha. Moto wa kubembeleza uje baadaye.

Kitu kingine kilichomchoma ni maharagwe ya zamani. Alipata bei poa, akanunua gorogoro tatu kwa mpigo, na saa mbili usiku sufuria bado ina mawe na wateja wamesimama na bakuli. Maharagwe yaliyokaa stoo muda mrefu mahali pa joto yanakuwa magumu, na hakuna kuloweka kutayarudisha. Magadi italainisha, lakini ukizidisha inaacha ladha ya sabuni na wateja wanajua. Siku hizi ananunua konzi moja kwanza, analoweka usiku. Asubuhi akikuta mengi bado ni madogo na magumu kama yalivyoingia, harudi kwa huyo muuzaji. Na hachanganyi stoki mbili, juu moja itapondeka kabla nyingine haijaiva.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hivyo kila mtu anakuja na chombo chake, na hiyo imemwokolea pesa. Ndani ya ploti ameongea na keateka. Akitoka barabarani ataingia kwa mambo ya kibali cha kaunti na cheti cha afya cha anayeshika chakula, na hizo pesa hazikuwa kwa ile 320 pia. Hiyo iulize kabla kanjo hawajakuuliza.

Wale wa orodha wataniambia 320 ni pesa ndogo. Ni ndogo, ndio. Ni kama shilingi 90 kwa saa, siku zikienda vizuri. Lakini ni 90 ya ukweli, na mtu akiiona mapema anaweza kuamua kama jioni zake zina thamani zaidi ya hapo, badala ya kugundua baada ya miezi miwili akiwa na troli imeegeshwa kwa koridoo.

Sasa hivi analoweka kilo nne Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa halowekei kitu, juu alihesabu kwa daftari akaona Ijumaa watu wa ploti wanaingia na nyama.