Makofi Yasituchagulie Viongozi

Kila ukipita mdahalo wa wagombea, wengi wetu hatuangalii saa 3 zote. Tunasubiri video ya dakika 5 kwenye simu, kisha tunapiga kura. Siku hizi vipande vya video hiyo vinasakwa na programu inayotafuta kicheko, makofi na sauti zilizopanda. Mimi ni mmoja wa tunaokata video hizo. Programu siipingi. Ninachopinga ni kuiachia iamue.

Tunatumia YAMNet, modeli ya bure ya Google. Kila sekunde 0.48 inatoa alama mpya kwa aina 521 za sauti, zikiwemo `Laughter` na `Applause`. Mdahalo wa saa 3 unatoa safu 22,500 za alama. Pale alama zinapobaki juu kwa sekunde kadhaa, tunapaweka kwenye orodha ya kusikilizwa. Hapo kweli inatuokoa usiku mzima.

Shida ni kwamba makofi huja baada ya hoja. Tuseme yamelia saa 1, dakika 12 na sekunde 40. Ukikata kuanzia sekunde 10 nyuma, unapata ahadi tu: "Maji hosteli yatatoka kila siku!" Swali la nani atalipia pampu liliulizwa dakika nzima kabla, na mgombea alilikwepa. Kwa hiyo mkataji lazima arudi nyuma hadi swali lilipoanza.

Halafu kuna mvua. Makofi ya watu wengi ni mchanganyiko wa sauti nyembamba na nzito kwa pamoja, na mvua kwenye bati iko hivyo hivyo. Programu huchanganya. Utaitambua kwa muda: makofi hupanda ghafla na kufifia baada ya sekunde chache, mvua inaendelea tu.

Sauti iliyopanda nayo inadanganya. Anayeshika maikrofoni karibu na mdomo ataonekana anafoka, kumbe anaongea kawaida. Mtu akipaza sauti kweli, sauti yake huwa kubwa na pia hupanda juu kama kwenye muziki. Maikrofoni ikisogezwa inaongeza ukubwa bila kuipandisha sauti juu hivyo. Kwa hiyo kila msemaji apimwe dhidi ya sauti yake mwenyewe, sio dhidi ya jirani yake.

Lakini jamani, hata tukirekebisha yote hayo, programu inapima ukumbi, haipimi hoja. Mgombea aliyejaza marafiki viti vya mbele atakuwa na vipande 15. Yule aliyesoma bajeti ya umoja mstari kwa mstari, ukumbi ukiwa kimya, hatakuwa na hata kimoja.

Napendekeza hivi: orodha ya programu ipangwe kwa kila mgombea peke yake, kila mmoja apewe sekunde sawa, na angalau kipande kimoja cha kila mgombea kichaguliwe na mtu aliyesikiliza majibu yake yote. Ni kazi ya jioni moja. Uongozi tutakaouchagua utakaa madarakani mwaka mzima.