Ripoti ya Maabara na Makala ya Jarida: Jipya Li Wapi?

Aghalabu mwanafunzi wa fonetiki anayetaka kuchapisha ripoti yake ya maabara huipunguza maneno tu, akadhani amepata makala. Hilo ni kosa. Ripoti humthibitishia mhadhiri kwamba zoezi lilifanywa. Makala humwambia msomaji jambo asilolijua. Kazi huanza kwa kulitafuta jambo hilo, wala si kwa kufyeka aya.

Chukulia ripoti iliyopima vokali za Kiswahili kwa programu ya Praat, wasemaji wakiwa wanafunzi wanne ambao lugha yao ya kwanza ni Kikuyu. Hitimisho lake, kama ilivyo ada, lasema kwamba Kiswahili kina vokali tano. Nani asiyejua hayo? Ilhali jipya limejificha kwingine. Kikuyu kina vokali saba. Hutofautisha e na ĩ, hiyo ya pili ikitamkwa kwa kinywa kilichofumbwa zaidi. Je, msemaji huyu atamkapo e ya Kiswahili, huiegemeza kwa ipi kati ya hizo mbili? Fomanti ya kwanza, ambayo hupanda kadiri kinywa kinavyofunguliwa, yaweza kujibu, mradi wasemaji hao hao walirekodiwa pia wakitamka maneno ya Kikuyu. Kama hawakurekodiwa, hapana budi kurudi maabarani; uandishi mzuri hauzibi pengo la data.

Swali likishapatikana, utangulizi wa kurasa tatu kuhusu historia ya fonetiki uwe aya moja, na sentensi yake ya mwisho itamke waziwazi: “Makala haya yanalinganisha e ya Kiswahili na e na ĩ za Kikuyu kwa wasemaji walewale.” Sentensi hiyo yapimika. Kusema kwamba makala “yanachangia taaluma ya fonetiki” hakupimiki.

Katika mbinu, maelezo ya kuunganisha maikrofoni na kompyuta yaondoke. Kikomo cha fomanti, ambacho wengi hukifuta kwa kudhani ni kijambo kidogo, kibaki. Kwa kawaida huwekwa hezi 5000 kwa sauti ya mwanamume na 5500 kwa ya mwanamke. Kikiwa juu mno, programu yaweza kuziunganisha fomanti mbili za kwanza za u, kisha ya tatu ikasomwa kana kwamba ni ya pili. Dalili yake ni u ambayo fomanti yake ya pili yazidi hezi 2000, ilhali hutarajiwa kuwa karibu na 1000 au chini yake. Kikomo kisipotajwa, mhakiki hawezi kujua kama kosa hilo limeliingia jedwali.

Majadiliano nayo yaanze na jibu la swali, si na muhtasari wa hatua. Jibu lenyewe liwahusu wasemaji wale wanne tu. Wapo watakaoona dai hilo ni dogo mno kuchapishwa. Lakini mtafiti mwingine aweza kulijaribu kwa wasemaji ishirini, jambo asiloweza kulifanya kwa lile hitimisho la vokali tano.