Sundowns ilipita, mkeka ukachanika

Kisiwani Goziba, kule Muleba, kuna mvuvi mmoja wa sangara ambaye hadi leo anaamini aliibiwa. Ni Simba damu. Usiku wa Aprili 5, 2024, Yanga ilipokuwa Pretoria kurudiana na Mamelodi Sundowns kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, aliweka 10,000 kwa Sundowns. Mechi ya kwanza kwa Mkapa ilikuwa suluhu. Pretoria nako dakika 90 zikaisha suluhu, zikapigwa penalti, Sundowns ikashinda 3-2 na kutinga nusu fainali.

Banda zima la Yanga likanuna, yeye akacheza. Asubuhi akaenda kudai chake, akaambiwa mkeka umechanika.

"Mdogo wangu, wewe ni mwandishi, niambie," aliniuliza tulipokutana. "Nani alipita? Si Sundowns? Sasa hela yangu iko wapi?"

Nilimwomba anieleze alichokichagua. Akasema aliweka "moja". Hapo nikajua hakuibiwa. Alibeti kitu kimoja akidhani amebeti kingine, na kosa hilo naliona kila msimu wa mechi za mtoano.

Ile 1X2 unayoiona kwenye skrini au kwenye karatasi ya kubeti ina swali moja tu: baada ya dakika 90, matokeo ni nini? Moja ni mwenyeji kashinda, X ni sare, mbili ni mgeni kashinda. Haiulizi nani anasonga mbele wala nani anabeba kombe. Pretoria jibu lilikuwa X. Aliyeweka X alilipwa, aliyeweka moja alipoteza, hata kama timu yake ilikuwa inashangilia uwanjani.

Swali la nani anasonga mbele lina sehemu yake, na kwenye simu nyingi limeandikwa To Qualify. Hapo ndipo penalti zinahesabiwa. Mvuvi wetu angeweka Sundowns hapo, angelipwa. Angelipwa kidogo zaidi, lakini angelipwa.

Kwa nini kidogo? Tuseme Sundowns kushinda ilikuwa na odi 1.60 na Sundowns kufuzu 1.30. Kwa 10,000 yake, ya kwanza inarudisha 16,000 na ya pili 13,000, kabla ya makato. Mechi ya kwanza ilikuwa suluhu, kwa hiyo ushindi wowote Pretoria ulitosha kuivusha Sundowns, na sare ingeweza kuivusha pia kwa penalti. Yenye njia nyingi hulipa kidogo. Ukiona timu moja ina bei mbili tofauti kwenye mechi hiyohiyo, usikimbilie kubwa. Jiulize kwanza kwa nini zimetofautiana.

Lakini usikariri kwamba ya kufuzu ndiyo ndogo siku zote. Timu ikienda kurudiana ikiwa nyuma mabao matatu, inaweza kushinda mechi na bado ikatoka. Hapo bei ya kufuzu itakuwa kubwa kuliko ya kushinda.

Sasa nimgeuzie kibao Msimba mwenzake. Aprili 28, 2023, Simba ilikuwa Casablanca kurudiana na Wydad, hatua hiyohiyo ya robo fainali. Dar Simba ilikuwa imeshinda 1-0. Casablanca Wydad nayo ikashinda 1-0, mabao yakalingana, Wydad ikapita kwa penalti 4-3. Safari hii aliyeweka moja kwa Wydad alilipwa, na hakulipwa kwa sababu ya penalti. Alilipwa kwa lile bao moja la ndani ya dakika 90. Hata kama Simba ingeshinda zile penalti, mkeka wake ungebaki salama. Wydad na Sundowns zote zilipita kwa penalti zikiwa nyumbani, lakini "moja" ya Wydad ililipa na "moja" ya Sundowns ilichanika.

Kuna sehemu nyingine inayowachanganya watu, na hapa lawama naielekeza kwetu waandishi na watangazaji. Tunasema "dakika za nyongeza" kwa vitu viwili tofauti. Mwamuzi wa akiba akiinua kibao cha dakika tano baada ya 90, tunasema dakika za nyongeza. Timu zikiongezewa nusu saa, tunasema hivyohivyo. Kwa mtu wa mkeka tofauti yake ni hela. Zile tano, ambazo wazee waliziita dakika za majeruhi, zimo ndani ya dakika 90 zake. Bao la dakika ya 90+5 linahesabika. Ile nusu saa, muda wa ziada, haimo.

Chukua fainali ya Kombe la Dunia 2022. Dakika 90 ziliisha Argentina 2, Ufaransa 2. Messi akafunga dakika ya 108, Mbappé akasawazisha kwa penalti dakika ya 118, ikawa 3-3, kisha Argentina ikashinda mikwaju 4-2. Dunia nzima inakumbuka mechi ya mabao sita. Kwa mkeka wa kawaida ilikuwa ya mabao manne. Aliyebeti mabao yazidi manne na nusu alipoteza. Aliyeweka sare alilipwa, usiku ambao Argentina ilibeba kombe. Na ile mikwaju ya mwisho haiingii kwenye idadi ya mabao ya mechi.

Muda wa ziada wenyewe haupo kila mahali. Pretoria na Casablanca hawakucheza hata dakika moja ya ziada, walikwenda moja kwa moja kwenye penalti. Kwa hiyo ukikutana na chaguo la timu kufuzu ndani ya muda wa ziada, jua kwanza kama shindano hilo lina muda huo. Kama halina, umenunua tiketi ya meli isiyokuwepo.

Maoni yangu ni haya. Kampuni zinazochukua hela ya mvuvi wa Goziba ziandike kwenye risiti yake, kwa Kiswahili, maneno machache: "matokeo ya dakika 90 na za majeruhi" au "timu itakayofuzu". Kanuni zipo, lakini zimekaa mwisho wa ukurasa ambao hakuna anayeufungua akiwa na simu ndogo na mtandao wa kusuasua. Na sisi wa kalamu tuache kuandika "Sundowns yaichapa Yanga". Sundowns haikuichapa Yanga. Mechi ilikuwa suluhu, penalti ziliamua nani asonge mbele. Ndivyo sheria za soka zinavyoitazama, na ndivyo mkeka unavyolipwa.

Nilipomaliza kumweleza mvuvi yule, alinyamaza kidogo, akaangalia ziwani.

"Kwa hiyo Yanga hawakufungwa?"

"Hawakufungwa, kaka. Walitolewa."

"Basi hiyo usiiandike," akasema. "Watatusumbua humu kisiwani."

Nimeiandika, kaka. Msimu ujao kabla hujatoa elfu kumi yako, muulize wa dirishani swali moja: hii ni ya dakika 90 au ya kufuzu? Akishindwa kukujibu, rudi na hela yako nyumbani.