Hesabu imetimia, lakini mtoto hayupo

Mzazi, mtoto wako anapokwenda ziara ya shule, usiulize tu kama walimu watawahesabu. Uliza watawahesabu vipi.

Chukua kisa cha shule moja ya msingi ya Dar es Salaam iliyopeleka wanafunzi 42 kuona magofu ya Kaole, Bagamoyo. Saa nane mchana walipanga mstari, mwalimu akahesabu vichwa: 42. Wakapanda basi. Kabla ya kuondoka, mwalimu mwingine akaita majina. Msichana wa darasa la tatu hakuitika, na kwenye kiti alikaa mtoto ambaye hakuna aliyemjua. Siku hiyo kulikuwa na shule nyingine hapo, nayo ilivaa shati jeupe na sketi ya bluu kama wao. Namba ilikuwa sahihi, mtoto siye.

Ndiyo maana namba peke yake haitoshi. Majina yaitwe kila wanaposhuka au kupanda basi, na kila wanapotoka chooni au kwenye chakula. Wakipangwa wawili wawili, mwenzake ndiye wa kwanza kugundua kwamba fulani hayupo.

Walimu wale hawakutawanyika ovyo. Basi lilizuiwa, na mwalimu mmoja akabaki na watoto waliokaa. Rafiki wa msichana akaulizwa walionana wapi mara ya mwisho. Akasema chooni. Mwalimu mmoja akasimama hapo, maana mtoto aliyepotea anaweza kurudi alipowaacha wenzake. Wa pili akakimbilia upande wa mikoko na bahari. Penye maji hutafutwa kwanza hata kama mtoto hakuonekana akielekea huko, kwa sababu huko dakika chache zinatosha kuleta msiba. Wa tatu akaenda na mhudumu wa magofu kwenye lango na kwenye basi la shule ya pili. Msichana alikuwa humo, amefuata mstari usio wake.

Zilipita dakika 12. Kama asingekuwepo humo, hatua iliyofuata ingekuwa kupiga 112 kwa polisi, kisha kumpigia mzazi. Usikubali kuambiwa usubiri saa 24. Polisi wataje jina, umri, nguo, mahali na saa alipoonekana mwisho, na kama ana pumu, kifafa au dawa anayotumia. Kwa hiyo mwalimu awe na taarifa hizo kwenye karatasi, pamoja na picha ya mtoto iliyopigwa asubuhi hiyo akiwa na nguo alizovaa.

Mtoto akipatikana, wote wanaotafuta wajulishwe, apewe maji, kisha majina yaitwe upya. Asigombezwe mbele ya wenzake, la sivyo siku nyingine akipotea atajificha. Na mzazi aambiwe siku hiyohiyo, hata kama zilikuwa dakika 12 tu.